Sini ya 34: mikato mitatu ya kikao cha familia, na ule ninaoupendekeza

Ndugu Mwongozaji,

Nimeitazama tena rasimu ya filamu yetu tangu mwanzo hadi mwisho, na nimeridhika kwamba sini ya 34, yaani kikao cha familia katika nyumba ya Magomeni, ndiyo inayoikwamisha filamu baada ya nusu ya kwanza. Nimeandaa mikato mitatu ya sini hiyo, nayo imo kwenye diski kwa majina `S34_A`, `S34_B` na `S34_C`. Maelezo haya yanailinganisha ili uchague. Nitaanza na sababu ya sini kusuasua, kwa kuwa mahali pa kukata panategemea sababu hiyo. Tukiikosea tutaondoa sekunde nyingi na uzito utabaki palepale.

Sini hii ina dakika 6 na sekunde 30, lakini urefu peke yake si tatizo. Sini ya 12 ya wodini inakaribia dakika saba na haimchoshi mtu, kwa sababu mpaka mwisho wake hatujui kama baba atafumbua macho au la. Katika sini ya 34 hali ni kinyume. Mtazamaji amekwisha kumwona kaka mkubwa katika sini ya 29, asubuhi ya siku hiyohiyo, akiwa ofisini kwa wakili kule Posta, akitia saini mkataba wa mauzo na kubonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino. Familia inapoketi alasiri, swali la kama nyumba itauzwa limekwisha kujibiwa. Swali lililobaki ni lini binti atajua na atafanya nini akijua, na swali hilo tunaligusa kwa mara ya kwanza katika dakika ya nne, pale anapoona wino kwenye dole la kaka yake. Kabla ya hapo tunamweleza mtazamaji mambo anayoyajua, na anayeelezwa anachokijua huacha kusikiliza hata kama waigizaji wanafanya kazi nzuri kiasi gani.

Jambo hili lilionekana wazi tulipowaonyesha rasimu wageni wachache Mikocheni. Hawakuchoka mwanzoni mwa sini, wala hawakuchoka kwenye ugomvi. Simu zilianza kuwaka mapajani mwao wakati kaka anaeleza madeni ya marehemu, na zikazimika mara binti aliposhusha macho kwenye kikombe. Kwa mhariri, sehemu ambapo watu wanarudi kutazama ni muhimu kuliko sehemu wanapoacha, kwa kuwa inaonyesha kitu gani hasa walikuwa wanakisubiri.

Jedwali hili linaonyesha sini ilivyogawanyika sasa, na inavyokuwa katika kila mkato. Muda umeandikwa kwa dakika na sekunde.

| Sehemu ya sini | Ilivyo sasa | A | B | C |
|---|---|---|---|---|
| Kuwasili, salamu na chai | 2:20 | 1:25 | 0:40 | 1:00 |
| Kaka anaeleza madeni | 1:40 | 1:40 | 0:25 | 1:20 |
| Binti anaona wino | 0:30 | 0:30 | 0:38 | 0:30 |
| Ugomvi | 1:20 | 1:20 | 0:35 | 0:50 |
| Binti anatoka | 0:40 | 0:15 | 0:17 | 0:30 |
| Jumla | 6:30 | 5:10 | 2:35 | 4:10 |

Mkato A ni ule ambao wengi wangeujaribu kwanza: kuingia kwa kuchelewa na kutoka mapema. Bajaji haionekani tena ikisimama nje, binti haonekani akilipa nauli wala akivua viatu barazani, na mwishoni tunakata mara tu anapoufikia mlango badala ya kumsindikiza ukumbini hadi nje. Unapunguza dakika 1 na sekunde 20 bila kugusa hata neno moja la mazungumzo, na kwa hiyo hauna hatari yoyote. Hata hivyo ukiutazama utaona kwamba binti anauona wino katika dakika 3 na sekunde 5, na sehemu iliyowachosha watu wa Mikocheni haijaguswa kabisa. Mkato A unaondoa mwendo wa miguu tu, nao haukuwa chanzo cha tatizo. Ninauweka hapa ili tuwe nao kama kipimo, lakini siupendekezi.

Mkato B unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu msingi wake ni kuhamisha shoti moja. Sekunde zinazoondoka zinafuata tu. Shoti ya karibu ya dole lenye wino likishika kikombe, ambayo sasa inaonekana dakika ya nne, nimeitoa pale na kuiweka katika sekunde ya 12, chai inapomiminwa na kabla mtu yeyote hajasema neno la maana. Mtazamaji anaukumbuka wino ule kutoka sini ya 29. Tangu sekunde hiyo anajua kwamba ushahidi uko mezani mbele ya binti, na kila kikombe kinachoinuliwa, kila mara binti anapogeuka kumwangalia shangazi badala ya kaka, kuna jambo linaloweza kutokea. Mazungumzo ya chai na arobaini, ambayo yalikuwa ya kujaza muda, yanakuwa na kazi. Mtazamaji yuleyule aliyekuwa amemtangulia binti na kuchoka kumsubiri, sasa anamtangulia na kumwogopea.

Kuna kikwazo kimoja cha picha. Shoti ile ya dole ina takriban sekunde tatu tu ambazo fokasi imekaa sawa, kwa hiyo hatuwezi kuitumia mara mbili, na nikiiweka mwanzoni sina ya kuweka pale binti anapotambua. Nimegundua kwamba hatuihitaji. Nimetumia uso wa binti peke yake: kaka anasema, nje ya picha, “Hakuna kilichosainiwa bado,” macho ya binti yanashuka, yanabaki chini, halafu yanapanda polepole. Jaribio la uhariri linalohusishwa na mwongozaji wa Kisovieti Lev Kuleshov lilionyesha zamani kwamba uso uleule husomwa kwa namna tofauti kulingana na picha iliyotangulia, na hapa kanuni hiyo inatusaidia, kwa kuwa mtazamaji anajua macho yale yametua juu ya nini. Ndiyo maana sehemu hii imeongezeka kwa sekunde 8 wakati nyingine zote zimepungua. Uso ule una mabadiliko mengi ndani yake, na katika rasimu ya sasa tunaukata mapema ili kurudi kwa kaka ambaye anasema jambo tulilolisikia.

Maelezo ya madeni yameshuka kutoka dakika 1 na sekunde 40 hadi sekunde 25. Najua uliyapigania maneno haya wakati wa kuandika muswada, na mengi ni mazuri, ila orodha ya wadai tuliisikia yote mbele ya wakili. Nimebakiza mambo mawili. La kwanza ni maneno ya kaka kwamba Mahakama ya Mwanzo imempa usimamizi wa mirathi baada ya kikao cha ukoo kumpendekeza. Hayo hayawezi kuondoka, kwa maana mtazamaji wa Dar es Salaam atauliza mara moja mtoto mmoja amewezaje kuuza nyumba ya urithi peke yake, na akishaanza kuuliza hivyo atakuwa ametoka ndani ya hadithi. La pili ni uongo wenyewe kwamba hakuna kilichosainiwa, kwa sababu bila uongo ule wino hauna maana kwa binti.

Kwenye ugomvi, maneno yanazunguka mara tatu juu ya jambo moja. Binti analalamika kwamba nyumba ya baba imeuzwa, mjomba anasimama kumtetea kaka kwa kurudia madeni, kisha shangazi anauliza, “Na chumba changu cha uani umemuuzia nani?” Swali la shangazi ndilo pekee linaloleta habari mpya, kwani mpaka pale hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba kuna mtu mzima anayelala katika nyumba hiyo na hana pa kwenda. Katika mkato B binti anasema neno moja tu, “Umeuza,” kaka anashindwa kujibu, shangazi anauliza swali lake, na baada ya hapo hakuna anayesema kitu. Hotuba ya mjomba imeondoka yote.

Utaniuliza kuhusu salamu, na una haki. Binti akionekana amekwisha kuketi bila kuamkia wakubwa, watazamaji wetu watamwona hana adabu, na ugomvi unaofuata utaonekana kuwa ni tabia yake. Kwa hiyo nimebakiza shikamoo moja kati ya nne. Sauti ya “Hodi” inaanza juu ya picha ya mwisho ya sini ya 33, ili tusihitaji kumwona akifika, na picha ya kwanza ya sini ya 34 ni binti akimwamkia mjomba. Nimechagua shikamoo hiyo kwa sababu mjomba anachelewa kuitikia, na anaposema “Marahaba” hainui uso. Mjomba anajua. Salamu hiyo moja inatimiza adabu na wakati huohuo inaonya kwamba kuna jambo, ilhali salamu nyingine tatu zinatimiza adabu peke yake.

Mkato C unakwenda upande mwingine. Badala ya kuifupisha sini ya 34 kwa sababu mtazamaji anajua mno, unamnyima habari hizo: sini ya 29 ya ofisini kwa wakili, yenye dakika 1 na sekunde 40, inaondolewa yote. Mtazamaji anaingia kwenye kikao bila kujua kama binti asivyojua. Maelezo ya madeni yanakuwa mapya kwake na yanaweza kubaki karibu yote, na ndiyo maana sini inavumilia dakika 4 na sekunde 10. Binti anaona wino katika dakika 2 na sekunde 20, lakini muda huo hauonekani mrefu kwa sababu tangu sini ya 31 mtazamaji anabeba swali: kaka amevuka na feri kwenda Kigamboni akiwa na bahasha ya kaki kifuani, na hatujui ndani mna nini.

Ninauheshimu mkato huu, na kuna sehemu ambazo ni bora kuliko B. Swali la shangazi linapiga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa mtazamaji bado hajapata nafasi ya kuipokea habari ya kwanza. Lakini una gharama ambazo lazima uzipime. Wino kwenye dole, ambao katika B tayari una historia, hapa unaonekana kwa mara ya kwanza na mtazamaji anapaswa kuuelewa papo hapo. Nimejaribu kuishikilia shoti hiyo kwa muda wote ambao fokasi inaruhusu, na bado naona wapo watakaodhani ni uchafu wa kawaida mpaka binti aseme. Sini ya 32 nayo ina maneno ya kaka, “Nimeshamaliza kule mjini,” ambayo yatabaki yananing'inia, na hatuna picha ya kuyafunika kwa sababu amesimama akitazama kamera uso kwa uso. Gharama kubwa kuliko zote ni kaka mwenyewe. Katika sini ya 29 tunamwona akisita, akiiweka kalamu chini na kuiokota tena, na kwa sababu hiyo tunamwelewa hata tunapomchukia. Tukiiondoa, anakuwa mwizi aliyefichuliwa.

Usidanganyike na suala la urefu wa filamu kati ya hiyo miwili. Mkato B unapunguza dakika 3 na sekunde 55, na mkato C, ukijumlisha sini ya 29 iliyoondoka, unapunguza dakika 4 kamili. Tofauti ni sekunde 5. Kinachotofautiana ni nani anajua nini na tangu lini, na hapo ndipo uamuzi wako ulipo. Ikiwa filamu hii ni ya binti na unataka mtazamaji asimame alipo yeye, agundue anapogundua yeye, basi chagua C na tutatafuta namna ya kuiponya sini ya 32. Ikiwa ni filamu ya ndugu wawili ambao kila mmoja ana sababu zake, basi B ndiyo inayolinda hilo. Mimi ninaiona filamu ya pili katika picha ulizopiga. Umempa kaka shoti nyingi akiwa peke yake, na mwisho wa filamu unadai tumsamehe. Siamini kwamba msamaha huo utapokelewa kama hatukumwona akiiweka kalamu chini.

Kuna njia nyingine mbili tulizozungumza, nazo nitazipita haraka. Kuusuka mkutano huu na picha za mnunuzi akija na fundi wake kuipima nyumba kungeleta kasi, lakini picha hizo hatuna, na nyumba ile sasa ina wapangaji wengine. Pendekezo la kubana pumzi, yaani kupunguza fremu chache kati ya kila jibu na jibu bila kuondoa chochote, nimelijaribu na sini ikawa mbaya zaidi. Mzungumzaji hakupewa nafasi ya kufikiri, msikilizaji hakuonekana kusikia, na maelezo ambayo mtazamaji hayahitaji yalimfikia tu kwa haraka zaidi. Ukimya ulio baada ya “Marahaba” na ule ulio baada ya “Umeuza” ndiyo sehemu ambapo mtazamaji anafanya kazi mwenyewe, na kuukata ni kumwondolea kazi hiyo.

Mkato B una tatizo moja la sauti ambalo ni lazima lishughulikiwe kabla hatujafunga picha. Siku ya kurekodi, adhana ya alasiri iliingia wakati kaka anaeleza madeni, na imo ndani ya maikrofoni zote. Ninapoondoa sekunde 75 katikati ya maelezo hayo, adhana inaruka kutoka takbira za mwanzo hadi maneno ya karibu na mwisho. Katika picha mkato hauonekani, kwa sababu nimeufunika kwa uso wa binti na kikombe kilichohama hakionekani, lakini hakuna mkazi wa Magomeni ambaye hatasikia kwamba adhana imekatwa. Kufunika kwa sauti ya feni hakutoshi. Sauti ya kaka tunaweza kuichukua kwenye shoti ya pili, iliyopigwa kabla ya adhana, kwa sentensi ya mahakama na kwa ile ya uongo, na midomo yake haituzuii kwa kuwa katika sentensi zote mbili tunamtazama binti. Chini yake tutaweka dakika moja ya ukimya wa chumba iliyorekodiwa siku ileile, yenye feni na mvumo wa mbali wa magari ya Barabara ya Morogoro. Ukipenda adhana ibakie, ninashauri tuirekodi upya ikiwa nzima na kuianzisha baada ya binti kutoka, chumba kikiwa kimya, kwa kuwa kuwaonyesha wazee wakigombana huku adhana ikisikika kutawakera watazamaji wengi na si jambo ulilolikusudia.

Sentensi ya uongo katika shoti ya pili ina tofauti moja na ile tuliyoizoea. Kaka anasema, “Hakuna kilichosainiwa,” bila “bado.” Mimi naona imekuwa na nguvu zaidi, kwa sababu neno “bado” lilikuwa linamwachia mlango wa kujitetea, ila sitaiweka bila idhini yako. Ukitaka “bado” ibaki, itabidi mwigizaji aje studio kuirekodi sentensi hiyo peke yake.

Naomba uitazame B kwanza, bila kusimamisha, ukianzia sini ya 28 ili sini ya 29 iwe imetangulia kama itakavyokuwa kwa mtazamaji, kisha siku nyingine uitazame C kwa kuanzia hapohapo na sini hiyo ikiwa imeondolewa. Ukizitazama zote mbili kwa mfululizo siku moja, utaingia kwenye C ukiwa unajua habari za wino na hutaweza kuipima kwa haki. Na ukikubaliana na B, dada, itakuwa vyema mzee aliyeigiza nafasi ya mjomba asikie kutoka kwako, kabla ya onyesho la waigizaji, kwamba hotuba yake imeondoka na kwamba “Marahaba” yake ndiyo inayoifungua sini.